Kilemba cha Sidi

Sidi binti Kenga alikuwa na miaka thelathini alipoanza kutafuta chumba chake mwenyewe, na kama mtu angeniuliza mimi, ningesema alichelewa kwa miaka kumi. Lakini Sidi haulizi mtu. Huuliza vitu. Huuliza unga umesagwa lini, nguo imepimwa na nani, basi litaondoka saa ngapi na kwa nini halijaondoka. Tulipokuwa majirani kule Buxton, mume wangu akimwona anakuja alikuwa hujifanya amelala, maana Sidi angemuuliza redio ile aliinunua bei gani na aliyemuuzia aliipata wapi.

Alikuja Mombasa na miaka kumi na sita, kutoka upande wa Vitengeni, kumlea mtoto wa dadake. Yule mtoto akakua, wakazaliwa wengine watatu, na Sidi akabaki pale pale. Nyumba za baraza la mji unazijua zilivyo: sebule, chumba, na jikoni ambapo watu wawili wakiingia mmoja sharti atoke kinyumenyume. Sidi alilala sebuleni, kwenye mkeka, baada ya shemejiye kumaliza habari na wageni kwenda zao. Nguo zake zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya meza. Mchana alishona magunia katika ghala moja la Shimanzi, na Jumamosi alijifunza ufundi cherehani kwa mzee mmoja Makadara. Alipohitimu akanunua cherehani ya miguu, kuukuu lakini nzima, na kwa kuwa kwa dadake haikuwa na pa kuwekwa, ikabaki kwa fundi wake, imefunikwa gunia. Mwaka mzima alikuwa akienda kuitembelea kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Basi mwaka huo wa tisini na sita, shemejiye akatangaza kwamba mamake anakuja kukaa nao, na atafika mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemwambia Sidi ahame. Walimtazama tu, wakautazama mkeka. Akaja kwangu siku hiyo hiyo, uso umemwiva.

"Tumu," akaniambia, "nataka chumba Mji wa Kale. Chini, si ghorofani. Kiwe na mlango wa barabarani, niweke cherehani yangu watu waione. Nilale hapo na nishone hapo. Nimeweka elfu saba."

"Elfu saba ya nani?"

"Yangu! Ya magunia!"

Nikampigia kigelegele pale pale mlangoni. Mimi sijui kuficha furaha, na sioni faida ya kuificha. Kesho yake nikampeleka kwa Kamaludin.

Kamaludin alikuwa dalali wa nyumba. Ofisi yake ilikuwa ni kibaraza kimoja si mbali na soko la Marikiti, karibu na muuza kahawa, na mali yote ya ofisi ilikuwa daftari moja, kalamu sikioni, na kitita cha funguo kilichomvuta kanzu upande mmoja. Mtu wa maneno matamu. Hakuwa mwizi, nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye nitamsema vibaya. Alitembea kutwa nzima, alimjua kila mwenye nyumba na kila ngazi iliyooza, na chumba kilichokuwa hakijahamwa yeye alishajua kitahamwa lini.

"Marahaba, marahaba," alimwitikia Sidi, kisha akasikiza shida yake, macho ameyafumba. Alipoyafumbua alikuwa ashachagua ufunguo. "Kuna kimoja. Pembeni, milango miwili, mmoja wa barabarani. Cha Mzee Abdeali, yule mwenye duka la misumari na rangi. Kodi elfu moja mia nane. Lakini kwanza, hamsini ya makubadhi."

"Makubadhi?" Sidi akauliza.

"Kukuonyesha ni kutembea, binti. Nikitembea, makubadhi haya miguuni yanalika."

"Hiyo hamsini iko ndani ya udalali wako ama iko nje?"

Muuza kahawa akainua kichwa. Kamaludin akacheka kidogo, akasema ukikitwaa chumba hamsini itakatwa humo humo, usipokitwaa ni ya makubadhi. Sidi akatoa hamsini. Nikaona yuwataka kuuliza jingine, nikamsukuma mgongoni twende.

Chumba! Wallahi nilipoingia nilisahau kwamba hakikuwa changu. Dari ya boriti, kuta nene, sakafu ya saruji imekwenda laini kama sahani, na mlango wa barabarani wa mbao nzito wenye komeo kubwa la ndani. Ulipofunguliwa, njia yote ikaingia: mama amebeba samaki, wanafunzi wa madrasa, mtu na mkokoteni wa barafu. Nyuma palikuwa na ua mdogo wa kuchangia, na bomba. Sidi alipima ukuta kwa shubiri zake. Akasimama pembeni mwa mlango, akakaa juu ya kitu ambacho hakikuwapo, akakanyaga kwa miguu yote miwili. Alikuwa akishona! Nikamshika bega, tukacheka sote, na hata Kamaludin akatabasamu.

"Basi," akasema akifunga mlango, "kesho asubuhi uje na kodi ya mwezi, na amana ya mwezi, na udalali. Na kilemba usisahau. Pembe kama hii haitoki bila kilemba."

"Kilemba," Sidi akarudia, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Njiani nami nikamwambia, kama mtu mwenye akili zake: "Kilemba kiandae, Sidi, wasije wakakupa kisogo." Nilidhani anajua. Yeye ambaye huuliza kila kitu hakuuliza, nami nikachukulia kwamba ana pesa nyingine mahali. Kosa hilo ni langu na sijalikana hadi leo.

Asubuhi alinipitia mapema, amevaa gauni lake la kanisani, kifurushi cha karatasi mkononi. Tulimkuta Kamaludin amekaa na kikombe chake, na wazee wawili pembeni. Sidi akaamkia wote. Akafungua karatasi polepole, akatoa kitambaa cheupe cha melimeli, kimepigwa pasi, kimeshonwa pindo kwa uzi wa rangi ya dhahabu kwa mkono wake mwenyewe usiku kucha. Akakiweka kwa mikono miwili mapajani mwa Kamaludin.

"Kilemba," akasema.

Halafu mzee mmoja akapaliwa na kahawa. Mwingine akajipiga goti. Kamaludin akakitazama kitambaa, akamtazama Sidi, akakitazama tena, na kicheko kikamtoka puani kabla hajaweza kukizuia.

"Binti! Kilemba ni pesa! Elfu kumi na tano!"

Nilitamani kibaraza kinimeze. Sidi alisimama vile vile alivyokuwa, akaniangalia mimi kwanza, na macho yale sikuyapenda. Kisha akamgeukia dalali.

"Kwetu sisi mafundi," akasema, sauti imekaza, "mwanagenzi akihitimu humpa fundi wake kilemba. Kitambaa na kitu kidogo ndani yake. Nilimpa wangu. Na hupewa kazi ikishakwisha, si kabla. Sasa wewe wanitaka kilemba cha elfu kumi na tano. Umenifundisha nini? Na kazi yako imekwisha lini?"

Wazee wakaacha kucheka. Mimi nilishikwa na furaha na hofu, vyote pamoja, maana elfu kumi na tano ilikuwa ni magunia ya miaka mitatu, na chumba kilikuwa kikituponyoka mbele ya macho.

"Si changu mimi," Kamaludin akasema, amekwisha kujirekebisha. "Ni desturi ya mji. Changu ni udalali, kodi ya mwezi mmoja."

"Haya, tuanze na huo. Udalali walipia nini?"

"Chumba!"

"Chumba nakilipia kodi. Udalali walipia nini?"

Nilimwona Kamaludin akikuna shingo. Nadhani katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumsimamisha akamuuliza hivyo. Watu huja wana haraka, wanalipa, wanalalamika baadaye nyumbani kwao.

"Kukitafuta," akasema mwishowe. "Kukuonyesha. Kusema na mwenyewe kwa ajili yako. Karatasi ya makubaliano itiwe saini. Ufunguo."

"Na nikikulipa sasa hivi, na Mzee Abdeali jioni akampa mwengine?"

"Nakurudishia."

"Lini?"

"Itategemea..."

"Basi nami itategemea!" Sidi akasema, na yule mzee aliyepaliwa akasema "Maashallah" bila kuombwa. "Nitakulipa udalali wako wote, sitakata hata senti, siku ufunguo umo mkononi mwangu na mimi mwenyewe nimo ndani. Kabla ya hapo bado kazi yako haijakwisha. Wakubali?"

Kamaludin akawatazama wazee. Wazee wakamtazama yeye. Akasema amekubali.

"Sasa kilemba. Ni cha nani, na chalipia nini?"

"Cha mwenye chumba. Muulize mwenyewe!" akasema kwa hasira kidogo, akainuka. Nadhani alitumai Sidi ataogopa kwenda. Hakumjua. Sidi alikunja melimeli yake, akaitia kwenye karatasi, na tukaongozana wanne, kwa kuwa yule mzee aliyepaliwa alitufuata ili asikose mwisho wake.

Mzee Abdeali alikuwa nyuma ya meza yake ya duka, kofia nyeupe yenye ukingo wa zari kichwani, akipima misumari kwenye mizani. Bohora wa Mombasa, Mhindi ambaye babu yake alizaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alitusikiza mpaka mwisho, hakuacha kupima. Sidi alipotaja kitambaa, mikono yake ikasimama.

"Nionyeshe."

Sidi akamwonyesha. Mzee akaupitisha ukingo ule wa dhahabu katikati ya vidole viwili, mshono kwa mshono, kama mtu anayesoma.

"Sisi kwetu twasema pagdi," akasema. "Maana yake ni kilemba hiki hiki cha kichwani, na maana yake ni pesa zile zile. Umekosea na hukukosea." Halafu akamgeukia dalali. "Kamaludin, mimi nilikwambia uchukue kilemba?"

"Mzee, pembe ile, milango miwili... aliyekuwapo kabla alitoa..."

"Alitoa kwa sababu alikitaka. Yuwajua mama huyu kilemba hununua nini?"

Basi Mzee Abdeali akamweleza Sidi mwenyewe, polepole, na mimi niliyekulia mji huu nilijifunza pale mambo ambayo nilikuwa nikiyataja tu kama kasuku. Kilemba, alisema, ni kununua haki ya kukaa. Anayekitoa, siku akihama, humtafuta mwenziwe akachukua kilemba kutoka kwake na kumwachia chumba, na mwenye nyumba hupata fungu lake. Asiyekitoa ni mpangaji wa kodi ya mwezi. Hawezi kumwuzia mtu chumba, anaondoka anarudisha ufunguo.

"Na mpangaji wa kodi waweza kumtoa kesho?" Sidi akauliza.

"Siwezi. Ukishona mle ni biashara, na biashara ina sheria yake. Nikikitaka chumba nakuandikia notisi ya miezi miwili, na kwa sababu inayokubalika, na ukikataa tunakwenda kuamuliwa. Ukikaa bila kulipa, hilo jengine."

"Mimi sitaki kuuza chumba," Sidi akasema. "Nataka kukaa ndani yake."

"Basi kilemba cha nini?"

Nilipiga kelele, ni kweli, dukani kwa watu. Mteja mmoja aliyekuwa akinunua brashi akageuka. Sidi yeye hakupiga kelele. Alikuwa bado na swali moja, na alikuwa akimtazama Kamaludin.

"Katika kilemba kile, wewe ungepata ngapi?"

Kamaludin alitazama misumari. "Fungu la kumi," akasema. "Ndivyo ilivyo." Na alilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba nilimwonea huruma kwa kiasi cha pumzi tatu, kisha ikanitoka. Elfu moja na mia tano kwa neno moja alilolitia mwisho wa sentensi! Mzee Abdeali hakumgombeza. Alisema tu kwamba kazi ya dalali ni kumwambia mtu kipi lazima na kipi hiari, na ikiwa haimo katika udalali basi udalali hauna kitu ndani.

Akatoa karatasi mbili, akaandika. Jina lake, jina la Sidi, chumba kipi, kodi elfu moja mia nane kila tarehe moja, amana elfu moja mia nane kurudishwa siku ya kuhama ikiwa hakuna kilichovunjwa. Sidi akazisoma zote mbili, herufi kwa herufi, kuhakikisha zimefanana. Akatia saini, akalipa kodi na amana, akapewa risiti. Kamaludin akatia saini yake kama shahidi. Nilimwona akiziandama zile noti kwa macho zilivyoingia kwenye droo ya mzee. Kazi yake ilikuwa haijakwisha.

Kutoka dukani hadi chumbani ni mwendo mfupi, lakini tuliukimbia. Mimi na umbo langu hili nilikimbia! Sidi mbele, karatasi kaikamata kifuani, Kamaludin nyuma na funguo zake zikilia, na yule mzee akatuombea dua kutoka mbali kwa kuwa magoti yalimkataa. Pale mlangoni Kamaludin akautoa ufunguo kwenye kitita. Ulikuwa wa shaba, mrefu kama kidole cha kati. Akampa Sidi, na kwa haki yake alimpa kwa mikono miwili.

Sidi akautia. Akauzungusha. Mlango ukafunguka, na akaingia peke yake. Nami nikainua mguu nimfuate, na mlango ukafungwa mbele ya pua yangu, na nikasikia komeo likipita.

Tukatazamana, mimi na dalali.

"Binti Kenga!" Kamaludin akaita. "Ufunguo unao. Ndani umo. Udalali!"

Nikaweka sikio kwenye mbao. Alikuwa akitembea. Alikwenda mpaka ukuta wa mwisho, akarudi, akaenda tena. Kisha nikasikia sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuweza kusema kama Sidi alikuwa akicheka au akilia. Kamaludin akafungua kinywa kuita mara ya pili, nikamkazia macho, akakifunga, akakaa kibarazani.

Halafu chini ya mlango ikatokea noti ya mia. Ikafuatiwa na nyingine, na nyingine. Kamaludin akachuchumaa akiziokota moja moja, midomo ikihesabu, na mimi nikihesabu naye. Kumi na saba, kisha hamsini. Akatazama mwanya wa mlango.

"Imebaki hamsini," akasema.

"Ya makubadhi!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Na risiti. Andika ni ya nini."

Akacheka, maskini, hakuwa na jingine la kufanya. Akachana ukurasa wa daftari, akauweka gotini, akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia: kutafuta, kuonyesha, kusema na mwenyewe, karatasi, ufunguo, imelipwa yote. Akaipitisha chini ya mlango. Ikavutwa upande wa pili mara moja. Kisha akanyanyuka, akakung'uta kanzu, akaniaga, akaenda zake na kitita chake kilichopungua ufunguo mmoja.

Nilibaki mimi na mbao ile. Nikagonga.

"Nani?"

Alijua vizuri ni nani. Tulikuwa tumekuja pamoja, nilikuwa nimesimama pale muda wote, na hakuna mtu Mombasa nzima anayegonga kama mimi. Lakini miaka kumi na minne alikuwa akiamshwa kwenye mkeka na kila apitaye, na hapajawahi kuwa na mlango wa yeye kuuliza nani.

"Ni mimi," nikasema. "Tumu binti Shukri, jirani yako wa Buxton. Naomba kuingia."

"Ngoja kidogo," akasema Sidi, "nafikiri."